Mweleze Mtoto Ukweli: Jinsi ya Kumsaidia Mtoto Aliyefiwa

Andiko la msingi: Yohana 11:1-35

Fundisho la wiki hii nimeombwa niliandike mimi, mwalimu wa sande skuli, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana ndugu mmoja wa kanisa letu alilala katika Bwana baada ya figo zake kushindwa kufanya kazi. Aliacha mjane na watoto watatu: kifungua mimba mvulana wa miaka 14, wa kati msichana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 5. Mjane ameniruhusu niyaandike haya, bila majina. Jioni ile nilifika nyumbani kwao na kina mama wengine. Kitinda mimba akanivuta leso, akaniuliza, "Ticha, baba ako wapi?" Nikamkumbatia nikamwambia, "Baba amelala, mtoto wangu. Mungu alimpenda sana, akamchukua."

Mmeona nilivyoandika hapo juu, "alilala katika Bwana"? Sisi watu wazima tunaelewana. Lakini siku nne baadaye mama yao akaniambia kwamba yule mdogo hataki kulala. Ikifika saa mbili usiku analia mpaka anatapika, na akiona mama amefumba macho anamfungua kope kwa vidole. Pia akiomba wakati wa chakula anasema, "Mungu, usimpende mama."

Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyemfundisha maombi hayo.

Ndipo nikarudi kwa Yohana 11, sura ambayo nimeifundisha mara nyingi. Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba Lazaro amelala na kwamba anakwenda kumwamsha. Wanafunzi, watu wazima wenye ndevu, wakaelewa usingizi wa kawaida, wakaona kama amelala basi atapona. Yesu hakuwaacha na maana hiyo. Mstari wa 14 unaonyesha aliwaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kama watu waliotembea naye hawakuelewa neno "kulala", mtoto wa chekechea ataelewaje?

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano

Mtoto wa umri huu huyachukua maneno jinsi yalivyo. Ukisema "amesafiri", atamngoja langoni, na moyoni atauliza kwa nini baba hakumuaga. Ukisema "tumempoteza", atashangaa kwa nini hamwendi kumtafuta. Na ukisema tu "alikuwa mgonjwa", siku atakayopata homa atadhani ni zamu yake.

Kuna mambo manne ambayo mtoto huyajifunza kuhusu kifo polepole, jinsi anavyokua. La kwanza, aliyekufa harudi. La pili, mwili wake umeacha kufanya kazi kabisa: hauoni, hausikii njaa wala baridi wala maumivu. La tatu, kila kiumbe hai hufa siku moja. La nne, kifo kina sababu yake halisi. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi hana hata moja kwa ukamilifu. Anadhani kufa ni kama kwenda gichagi: unaenda, unarudi. Wengi huanza kuyashika mambo haya kati ya miaka mitano na saba, na wengine huchelewa kidogo. Kwa hiyo asipolia, au akiuliza baba atarudi Krismasi, sio kwamba hana huzuni. Bado hajafahamu kilichotokea.

Nilirudi kwa yule mtoto. Nilimwomba mama yake awe karibu, manake maneno kama haya yafaa yatoke kwa mtu ambaye mtoto anaishi naye, na mimi nilikuwa tu wa kusaidia. Mama akamweka mapajani, akamwambia hivi, polepole:

"Ticha alikuambia baba amelala. Hakulala. Baba amekufa. Kufa ni mwili kuacha kufanya kazi. Baba hapumui tena, moyo wake haupigi, hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi. Mwili uliokufa hauwezi kuanza tena, kwa hivyo baba hatarudi nyumbani. Alikuwa na ugonjwa mkubwa sana wa figo, sio kama homa yako au yangu. Madaktari walijaribu, lakini figo zilikuwa zimeharibika kabisa. Usiku mimi na wewe tukilala, tunapumzika tu, na asubuhi tunaamka."

Mtoto akanyamaza. Halafu akauliza kama baba atakuwa na viatu. Akajibiwa. Halafu akatoka nje kucheza mpira.

Hapo wengi wetu hukwazika. Tunasema, "Huyu hajali!" La. Mtoto huingia katika huzuni na kutoka, kama anayerukaruka kwenye vidimbwi vya maji baada ya mvua. Dakika tano analia, dakika ya sita anataka chapati. Hawezi kuubeba uchungu wote kwa mara moja. Msimkemee kwa kucheza, hata mkimkuta na wenzake wanazika mwanasesere kwenye mchanga na kuimba. Hiyo ndiyo njia yake ya kujieleza jambo lile.

Na ataulizia tena. Kesho, kesho kutwa, mwezi ujao. Mjibuni kwa maneno yaleyale, tena nyinyi nyote nyumbani mtumie maneno yaleyale, shosho, ankoli na msichana wa kazi. Mama akisema amekufa na shosho aseme amesafiri, mtoto atamwamini anayempa matumaini ya baba kurudi.

Sasa kuhusu mbinguni. Sisi ni watu wa ufufuo na hatutalificha tumaini letu kwa watoto. Lakini fuateni mpangilio: elezeni mwili kwanza, ndipo mbinguni. Mtoto akiambiwa tu "baba yuko mbinguni", halafu Jumamosi aone sanduku likishushwa ardhini, atachanganyikiwa: basi tunazika nani? Akishajua kwamba mwili umeacha kufanya kazi na hauhisi chochote, unaweza kumwambia kwamba tunaamini baba yuko na Yesu, na kwamba huko hakuendeki kwa ndege wala matatu, wala mtu hapigi simu. Na tafadhali, msimwambie mtoto mtundu kwamba baba anamwona kutoka mbinguni na anakasirika. Mmemfanya marehemu kuwa askari.

(Mtoto wa chini ya miaka miwili au mitatu hataelewa maelezo haya. Yeye anahisi tu kwamba harufu, sauti na mikono fulani haipo. Anachohitaji ni mtu mmoja asiyebadilika wa kumlisha, kumwogesha na kumlaza kwa saa zilezile. Msimpitishe mikononi mwa wageni wote wa matanga.)

Siku ya mazishi

Niliulizwa na mjane, "Nimpeleke huyu mdogo kaburini au nimwache kwa jirani?" Kwa desturi zetu kuna wanaomficha mtoto kabisa, na kuna wanaomlazimisha kuutazama mwili. Njia zote mbili zina taabu. Aliyefichwa hubaki akijiuliza baba alienda wapi, na picha anazojichorea kichwani huwa za kutisha kuliko ukweli. Aliyelazimishwa huenda na hofu ambayo hakuichagua.

Tulichofanya ni hiki. Usiku uliotangulia, mama aliwaeleza watoto wote watatu watakachokiona: kutakuwa na hema na watu wengi, wengine watalia kwa sauti kubwa, hata mama atalia, na hiyo ni sawa. Baba atakuwa ndani ya sanduku, amevaa suti ya kijivu. Ukimgusa ni baridi na mgumu, kwa sababu damu haizunguki. Sanduku litashushwa ndani ya shimo na watu wataweka mchanga. Baba hatahisi mchanga. Baada ya kueleza, akawauliza kila mmoja anataka nini. Kitinda mimba alitaka kwenda lakini hakutaka kuuona mwili. Wa kati alitaka kuuona akiwa ameshikwa mkono. Kifungua mimba alisema atabeba sanduku na wajomba.

Kisha tukamtafutia yule mdogo mtu wake: dada mmoja wa kwaya aliyekubali kutoimba siku ile. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwa na mtoto yule na kuondoka naye wakati wowote akitaka. Waliondoka mara mbili, mara moja kwenda choo na mara moja kuona ng'ombe. Mama mzazi hawezi kufanya kazi hiyo siku ya kumzika mumewe, na msimtarajie aifanye.

Msichana wa miaka tisa na kesha la Ijumaa

Huyu ndiye aliyenifundisha zaidi, na karibu tumpite. Alikuwa mtulivu. Aliosha vyombo, akawapa wageni chai. Kila mtu akasema, "Huyu ni jasiri." Jihadharini na mtoto ambaye kila mtu anamsifu kwa kutolia.

Mtoto wa miaka sita hadi kumi tayari anajua au anaanza kujua kwamba kifo hakina marudio. Anataka habari kamili: daktari alisema nini, mwili huwaje ardhini, je, mama naye ana figo mbaya? Hofu yake kubwa ni nani anafuata na nani atamtunza. Lakini kuna jambo lingine ambalo halisemi. Bado ana mawazo ya utotoni kwamba alichowaza au alichofanya kinaweza kusababisha mambo makubwa. Alimkasirikia baba asubuhi, akajisemea moyoni "afadhali uende", na baba akafa. Basi ni yeye.

Kuna swali moja la kulifungua jambo hili, na tangu hapo nimelitumia kwa watoto wengine: "Wewe unadhani ni nini kilifanya baba afe?" Uulize mkiwa wawili, halafu unyamaze kabisa.

Nilimuuliza tukichambua mchele. Alikaa kimya hadi nikadhani hakusikia. Halafu akasema, "Ni mimi. Nililala kwa kesha."

Wapendwa, mnakumbuka lile kesha. Tulifunga siku tatu, tukaomba usiku mzima Ijumaa kwa ajili ya baba yake. Na kutoka madhabahuni ilisemwa kwamba tukiomba bila kuchoka na bila shaka, tutauona mkono wa Bwana. Mtoto wa miaka tisa alisinzia saa nane usiku kwenye benchi. Jumanne baba akafa. Alikuwa amebeba hesabu hiyo wiki tano.

Nusura nimwambie, "Usiseme hivyo!" Lakini hilo lingemfunga mdomo tu. Mtoto mwenye hatia anahitaji ukweli wenye uzito kuliko hatia yake. Kwa hiyo tuliupitia. Figo za baba zilianza kuharibika kabla yeye hajaanza Gredi ya Kwanza. Alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na mwili ulikuwa umechoka. Usingizi wa mtoto hauwezi kuingia mwilini mwa mtu mwingine na kuharibu figo. Nikamkumbusha usiku wa Gethsemane: Petro, Yakobo na Yohana walilala Yesu alipowaomba wakeshe naye, na Yesu hakusema watakuwa wamemuua. Tena alimkabidhi Petro kundi lake baadaye. Akauliza, "Hata Petro alilala?" Hata Petro.

Haikuisha siku hiyo. Tulirudia mara tatu au nne, na mama akamwomba daktari aliyekuwa akimtibu mumewe amweleze mtoto kwa kinywa chake kuhusu figo. Hapo ndipo bega lake lilishuka.

Kwa hiyo naomba tunaoongoza maombi: tukimwombea mgonjwa mbele ya watoto wake, tuwaambie pia kwamba uponyaji haupimwi kwa nani aliomba zaidi. Na kuna hadithi moja ambayo sitaitumia kwa mtoto aliyefiwa, ile ya Daudi katika 2 Samweli 12. Ni kweli Daudi aliomba na kufunga, mtoto akafa, naye akainuka akala. Lakini kifo kile kinaelezwa pale kuwa matokeo ya dhambi ya Daudi, na mtoto anayetafuta kosa lake atalipata hapo mara moja.

Kwa walimu wa shule

Mimi pia hufundisha shule ya msingi siku za wiki, kwa hiyo naongea na wenzangu. Kabla mtoto hajarudi, mpigie mzazi simu na uulize mtoto anataka darasa liambiwe nini. Halafu uwaambie wanafunzi mapema, yeye akiwa hayupo, kwa sentensi mbili: baba yake amekufa kwa ugonjwa, atakuja kesho, mchezeni naye kama kawaida na msimuulize maswali asipotaka. Msimsimamishe mbele ya gwaride kuombewa. Watoto wengi hutaka sana kuwa kama wengine.

Huyu wetu alipatana na mwalimu wake ishara: akiweka penseli nyekundu juu ya deski, anaruhusiwa kutoka dakika tano bila kuomba. Aliitumia mara kwa mara wiki mbili za kwanza, halafu ikabaki mfukoni. Kazi ya ziada alipunguziwa lakini hakuondolewa, kwa sababu ratiba ya kila siku ndiyo kitu pekee ambacho hakijabadilika maishani mwake. Tarajieni alama kushuka, maumivu ya tumbo yasiyoonekana hospitalini, kusahau, na hasira ndogondogo. Na kabla ya kutoa insha ya "Baba Yangu", au kutengeneza kadi za siku ya akina baba, mwite kando umpe nafasi ya kuchagua. Wengine hutaka kumwandikia baba aliyekufa. Wengine huandika kuhusu mjomba.

Kifungua mimba

Kijana wa miaka 14 anakielewa kifo jinsi wewe unavyokielewa. Shida yake ni kwamba tumempa kazi. Siku ya mazishi nilihesabu wazee watano waliomshika bega wakamwambia, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Hakulia tena baada ya hapo. Aliacha mpira, akaanza kumwuliza mama pesa za kodi zimetoka wapi, na kanisani akaacha kuja. Mama alidhani ameasi. Mimi naona aliambiwa utoto umeisha, na akatii.

Ilibidi mama amwambie wazi: "Mimi ndiye mzazi hapa. Wewe ni mtoto wangu. Kazi yako ni shule, na kunisaidia kama ulivyokuwa ukinisaidia." Ankoli mmoja akachukua mambo ya kodi na karo ili neno la mama liwe na ukweli ndani yake. Kijana huyu hakutaka kuketishwa na kuulizwa "unajisikiaje". Alizungumza alipokuwa akiosha pikipiki na ankoli, macho yakiwa kwenye magurudumu. Alisema amemkasirikia Mungu. Ankoli hakumhubiria. Alimwambia hata Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu kwamba angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, na Yesu hakuwafukuza, alilia.

Kwa vijana kuna dalili ambazo hazingoji: kuanza pombe au bangi, kugawa vitu vyake anavyovipenda, kujikatakata, kusema afadhali amfuate baba. Muulize moja kwa moja, "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamwonyesha kwamba anaweza kulisema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini siku hiyo. Maombi yaendelee, lakini mkiwa njiani. Kwa mtoto wa umri wowote, mkiona baada ya miezi sita bado hali vizuri, halali, hachezi wala haendi shule kwa sababu ya huzuni, tafuteni mshauri wa watoto. Simu ya bure ya watoto hapa Kenya ni 116, mchana na usiku, na mtu mzima anayemhofia mtoto anaweza kuipiga pia.

Yule mdogo sasa analala, ingawa alikojoa kitandani karibu miezi miwili na mama hakumchapa. Akifika miaka minane atauliza upya, manake atakuwa na akili mpya ya kuulizia. Jumapili iliyopita nilikula kwao mchana. Aliweka kijiko chini, akamtazama mama yake.

"Mama, baba bado amekufa?"

"Ndiyo. Bado amekufa."

"Sawa," akasema. "Chapati yake naweza kula mimi?"